Mlinzi, Kobe na paka shume

Jirani yangu ana gari lenye king'ora kinacholia kila ipitapo bodaboda yenye bomba la moshi lililotobolewa. Kwa usiku mmoja kinaweza kulia mara tatu. Kilipokuwa kipya tulikuwa tunafungua madirisha, tunawasha taa za nje, wengine tunatoka na mapanga. Siku hizi hata mwenye gari haamki. Hubonyeza rimoti akiwa kitandani, macho yamefumbwa, kisha anageukia upande wa pili. Wazee walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, lakini sidhani kama walikuwa wanatufundisha kulala mlango ukigongwa na mwizi.

Mtaa huohuo una mlinzi ambaye halii wala hapigi filimbi ovyo. Akisimama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, wote tuliomo barazani tunageuka. Katika miaka minne nimemwona akisimama kwa namna ile mara mbili tu, na mara zote mbili kulikuwa na jambo.

Namkumbuka kila nikiona kwenye simu matangazo ya roboti za doria: kigari chenye magurudumu manne, kamera juu ya mlingoti, paneli ya sola mgongoni, na maneno ya kumwahidi mwenye yadi au godauni kwamba atalala usingizi wa pono. Roboti hizi sizipingi. Ninachokataa ni mpango wa kuipa mashine haki ya kuamua nani mwizi, kisha kumwachia mlinzi gharama inapokosea. Jambo hili ni gumu kulieleza kwa hoja tupu, kwa hiyo nimelitungia hadithi fupi. Watu wake ni wa kubuni. Hesabu zake unaweza kuzipiga mwenyewe.

Saa 8:10 usiku

Yadi ya vifaa vya ujenzi, pembeni mwa barabara ya Kilwa. Ukubwa wake kama mita 40 kwa 40, ukuta pande tatu, geti la bati upande wa barabarani. Ndani kuna nondo, mabati, saruji chini ya turubai, na tofali za bloku zilizopangwa katikati ya uwanja. Zamani walinzi walikuwa wawili, mmoja getini, mwingine akizunguka. Mwenye yadi alipomleta roboti alimwondoa yule wa kuzunguka. Aliyebaki ni Mzee, mwenye rungu, tochi, simu ya upepo na kitabu cha matukio chenye jalada gumu.

Roboti alipewa na Mzee jina la Kobe, kwa sababu ya ile paneli aliyoibeba mgongoni na mwendo wake wa kutojali. Kobe huzunguka kidogo, husimama, hutazama, kisha huendelea. Mzee alidhani anachoka. Kumbe kusimama kule ndiyo kazi yenyewe: kihisi joto kilichomo kifuani mwake hupima mabadiliko ya joto mbele yake, na kama yeye mwenyewe yuko mwendoni, ulimwengu mzima huonekana unabadilika. Ni lazima atulie ndipo ajue kuwa kilichosogea si yeye.

Usiku huo, saa 8:10, Kobe amesimama mita nne kutoka kwenye rundo la bloku. Paka shume wa kijivu, yule mwenye sikio lililochanwa, anaruka juu ya bloku, anauona mwanga mwekundu wa Kobe, anakunja mgongo na kusimamisha mkia. Kobe anamtazama. Ndani ya kompyuta yake ndogo anapima, analinganisha, anatoa alama: MTU, 62 kwa 100. Mpaka aliowekewa ni 60.

King'ora kinapasuka. Taa nyeupe zinawaka. Ujumbe unakwenda kwenye kituo cha kampuni, mwenye yadi anapigiwa simu kitandani kwake Goba, na gari la dharura linatoka na vijana wanne.

Mzee alikuwa getini. Kabla king'ora hakijalia, alikuwa ameshajua. Mtu akipanda kwenye yadi ile hukanyaga mahali: bati linagonga kwa kishindo kizito, kokoto zinasaga, na vyura wa kwenye mtaro nyuma ya ukuta wananyamaza wote kwa pamoja kama waliofungwa kwa swichi. Usiku ule vyura waliendelea na kwaya yao. Kilichosikika ni kucha mbili tatu juu ya saruji. Lakini king'ora kimelia, na kanuni inasema akague. Akaacha geti, akaenda na tochi, akamulika. Macho mawili ya kijani yakamrudishia mwanga.

"We shume," alimwambia. "Umetuponza."

Gari la dharura lilifika baada ya dakika 25. Kijana aliyeshuka wa kwanza alimwamkia, akazunguka uwanja, akarudi akicheka. Kiongozi wao hakucheka. Alitoa karatasi ya kutia sahihi: mwito wa uongo, gharama kwa mteja. Kesho yake mteja alimwuliza Mzee swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Sasa wewe hapo ulikuwa unafanya nini mpaka gari likaja kwa ajili ya paka?"

Paka wa sentimita 180

Tukisema "mashine imekosea" tunafunga mjadala mapema mno. Imekoseaje? Paka ana urefu gani hata aonekane mtu?

Kamera ya Kobe iko kwenye mlingoti, mita 1.2 kutoka ardhini. Roboti za bei kubwa hubeba kifaa cha leza kinachopima umbali wa kila kitu. Hizi za bei nafuu hukadiria kwa kanuni moja: kila kitu kimesimama ardhini. Kompyuta huangalia miguu ya kitu iko wapi kwenye picha. Ikiwa chini ya picha, kitu kiko karibu, na kadiri inavyokuwa juu ndivyo kitu kinavyohesabiwa kuwa mbali. Kwenye uwanja mtupu kanuni hiyo ni sahihi kabisa.

Paka wetu hakusimama ardhini. Alikuwa juu ya bloku zenye kimo cha sentimita 90, mita nne kutoka kwa Kobe. Chora mstari kutoka kwenye kamera, upite kwenye miguu ya paka, uendelee mpaka ugonge ardhi. Kutoka mita 1.2 umeshuka sentimita 30 kwa mita nne, kwa hiyo utagonga ardhi mita 16 mbele. Hapo ndipo Kobe alipomweka paka: si mita 4, bali mita 16. Na kitu kinachoonekana kikubwa kiasi kile kikiwa mita 16 lazima kiwe kikubwa mara nne. Paka aliyekunja mgongo na kuinua mkia hufika kama sentimita 45. Mara nne, sentimita 180. Kobe hakuona paka. Aliona mwanamume mrefu amesimama nyuma ya bloku.

Joto nalo halikumsaidia. Paka mzima ana joto la mwili la nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu. Ukuta wa bloku uliochomwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto usiku, na Dar es Salaam mwezi wa Januari hewa yenyewe haishuki sana chini ya nyuzi 25. Nguo za mtu aliyesimama mbele ya ukuta kama huo zina joto karibu sawa na ukuta, kwa hiyo mtu huyo anafifia. Fundi akiona roboti anawakosa watu, anaongeza wepesi wake wa kuhisi. Ameongeza kwa ajili ya mtu, anayefaidi ni paka. Ndiyo maana mwenye kifaa cha namna hii ataona vilio vya bure vikizidi miezi ya joto, na atadhani kimeharibika.

Makosa ya roboti za doria yana upande wake wa pili, na huo si wa kuchekesha. Julai 2016, kwenye eneo la maduka la Stanford kule Palo Alto, Marekani, roboti ya doria yenye uzito wa zaidi ya kilo 130 iligongana na mtoto wa miezi 16. Wazazi walisema ilimwangusha na ikaendelea na safari. Kampuni ilisema mtoto ndiye aliyeikimbilia, hata hivyo ikaomba radhi. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2017, roboti ya aina hiyohiyo ilijitumbukiza kwenye bwawa la chemchemi mjini Washington, nje ya jengo ililokuwa inalilinda. Ngazi za bwawa zilikuwa pale mchana kweupe. Hayo ni mambo ya kawaida ya ardhi: ngazi, ukingo, rundo la bloku. Ulimwengu haujasakafiwa wote usawa mmoja.

Paka huja kila siku

Muuzaji atakuambia: sawa, lakini ni mara chache. Mashine yetu inapatia mara 95 kati ya 100. Tumpe hiyo 95, tusibishane naye.

Sasa tuhesabu nani anapita mbele ya Kobe. Tuseme shume anakatiza mara sita kwa usiku, maana yadi ni njia yake ya kwenda kwa mama lishe. Kwa mwezi ni mara 180. Ukikosea mara 5 kwa kila 100, ni vilio 9 vya bure kila mwezi. Mwizi naye, tukimfanya mkorofi sana, anaruka ukuta mara moja katika miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu Kobe atakuwa amelia kwa ajili ya paka mara 324, na kwa ajili ya mwizi mara moja. Mtu gani mwenye mwili na damu atakimbia kwa moyo uleule mara ya 325?

Namba za yadi nimeziweka mimi, lakini sura yake haikutoka hewani. Marekani, ambako ving'ora vya nyumba vimetumika kwa miongo mingi, mwongozo mmoja wa kipolisi ulieleza kuwa kati ya asilimia 94 na 98 ya miito ya ving'ora ilikuwa ya uongo. Mwaka 2000 jiji la Salt Lake City liliamua kwamba polisi hawataitika king'ora cha wizi mpaka kwanza mtu afike na athibitishe kwa macho yake. Miito iliyowafikia polisi ilipungua kwa takriban asilimia 90. Na nani alitumwa kwenda kuthibitisha? Mlinzi. Jiji tajiri, lenye vifaa vyote, lilizunguka likarudi kwa mtu mwenye tochi.

Unaweza kupandisha ule mpaka wa 60 uwe 75, paka akanyamaza. Ila ukimnyamazisha paka umemnyamazisha na mwizi anayetambaa kwa tumbo chini ya gunia, kwa sababu mtu aliyejikunja ana umbo la kushangaza na kompyuta humpa alama ndogo. Hakuna fundi anayeweza kukupa vyote viwili kwa kukaza skrubu moja. Anachoweza ni kukuuliza: unataka makosa ya aina gani? Swali hilo huulizwa mara chache sana, na likiulizwa anaulizwa mwenye yadi aliye Goba, si yule atakayeishi nayo usiku.

Masika yanapofika

Nisimpendelee Mzee kupita kiasi. Walinzi hulala. Nimewahi kumkuta mmoja saa kumi alfajiri kidevu kimegusa kifua, nikamfunika na gazeti lake mwenyewe. Saa zile mwili wa binadamu unadai haki yake, na anayefanya kibarua kingine mchana ndiye anayelala zaidi. Kobe halali, hana kibarua cha pili, na huandika saa na dakika ya kila hatua.

Isipokuwa naye anakula, na chakula chake kinatoka mbinguni. Tuseme paneli yake ni ya wati 100. Jua zuri la pwani, ukilikusanya, ni kama saa tano za jua kamili kwa siku, basi anavuna wati-saa 500, yaani nusu uniti ya umeme. Toa kinachopotea kwa joto la paneli, vumbi la saruji na kuchaji betri, zinabaki kama 350. Kamera na kompyuta, hata akiwa amesimama, hula wati 20. Kwa usiku wa saa 12 ni 240. Zimebaki 110 za kuzungusha magurudumu yanayokula wati 40. Piga hesabu: chini ya saa tatu za kutembea katika usiku mzima. Muda uliobaki, doria yako imesimama kama nguzo.

Hiyo ni siku njema. Aprili wingu likitanda, mavuno yanaweza kushuka hadi nusu. Siku ya kwanza akiba ya betri inambeba. Siku ya tatu ana wati-saa 175 za kumfikisha asubuhi, na kichwa peke yake kinataka 240. Aliyeanza kazi saa 12 jioni atazimika kabla ya saa 9 usiku hata bila kutembea hatua moja. Ni saa ileile ambayo mvua inapiga juu ya bati na hakuna anayesikia kitu. Mwenye kununua asome kwenye karatasi ya kifaa wati anazokula akiwa amesimama, maana tangazo hutaja tu kilomita anazoweza kwenda.

Mlinzi wa pili

Rudini nami kwenye yadi, kwa yule aliyeondolewa. Kazi yake ilikuwa ya kutembea, na kazi ya kutembea ndiyo inayoonekana rahisi kumpa mashine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huhesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na humtaka mwajiri amwongeze mfanyakazi angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Kwa mwenye yadi hiyo ni hesabu ya kupunguza. Kwa nyumba ya mlinzi ni daftari, ni nauli ya mtoto wa kidato cha pili, ni mafuta ya kukaangia vitumbua ambavyo mama huuza asubuhi ili mwezi ufike mwisho. Asilimia 5 haionekani mpaka siku inapokosekana.

Nalijua jibu: biashara si sadaka. Haya, tuzungumze biashara. Walinzi walipokuwa wawili, king'ora kikilia mmoja alibaki getini. Sasa Mzee akienda kumkagua paka, geti liko peke yake kwa dakika tano au kumi. Mara tisa kwa mwezi. Mwizi mwenye akili hahitaji kumkwepa Kobe. Anahitaji kujua tu kwamba Kobe humpigia kelele paka, na kwamba Mzee ni mmoja. Vichwa viwili vya kibua vikirushwa juu ya bloku, mlango wa mbele uko wazi. Mwenye yadi amenunua kifaa kinachomwondoa mlinzi lindoni kwa ratiba ya paka.

Sijagusa bado wizi wenyewe ulivyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Waulize wenye yadi, wakiwa hawapo mbele ya wateja, nondo hupotea vipi. Nyingi hutoka mchana, getini, juu ya lori lenye karatasi halali, zikiwa zimehesabiwa 100 na zipo 104. Kobe saa hizo yuko juani anachaji.

Ningekuwa mimi ndiye ninayenunua, ningetaka jambo moja liandikwe kwenye mkataba kabla ya mengine yote: kilio cha kwanza kiende kwa mlinzi, kwenye simu yake, pamoja na picha, naye awe na sekunde 60 za kusema paka au mwizi. Akikaa kimya, ndipo kituo kiitwe na mwenye yadi aamshwe, kwa sababu ukimya wa mlinzi nao ni habari: labda amelala, labda amefungwa kamba. Na uamuzi wake wa kusema paka usigeuzwe kuwa kosa la kukatwa mshahara. Ukimkata mara moja kwa kumnyamazisha Kobe, hatanyamazisha tena hata aone mkia na masharubu. Ataacha gari lije, na wewe utalipa.

Fundi na sahani

Hadithi yangu haikuishia usiku ule. Kobe aliendelea kulia, usiku wa pili, wa nne, wa tano, daima kati ya saa 8 na saa 9, daima kwenye bloku. Mwisho kampuni ikaleta fundi, kijana mwenye kompyuta ya kupakata na mkoba wa bisibisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umemjia mgonjwa?"

Fundi alifungua picha za usiku. Shume alikuwa pale, wa kijivu juu ya kijivu, macho yake nukta mbili nyeupe. Pembeni mwa kila picha kompyuta ilikuwa imeandika umbali: mita 16, mita 15, mita 16. Fundi akachukua futi kamba, akapima kutoka alama za magurudumu mpaka kwenye bloku. Mita nne na sentimita tano. Akaguna. Alimwomba Mzee asimamishe boksi tupu juu ya rundo, akamrudisha Kobe mahali pake, akatazama. Boksi nalo likasomeka liko mita 16. Kumbe ugonjwa haukuwa wa paka.

Dawa aliyokuwa nayo ilikuwa moja. Alichora mstari mwekundu kuzunguka bloku kwenye picha na kumwambia Kobe asitazame tena ndani ya mstari ule.

"Sasa hatalia," alisema.

Mzee aliinama akaitazama ile picha. Nyuma ya bloku, ndani ya mstari mwekundu, ulionekana ukuta wa upande wa mtaro, pale kipande cha chupa zilizochomekwa juu kilipobomoka tangu mwaka juzi.

"Mwanangu, na hapa je?"

"Hapo ndiyo haoni tena."

"Mwizi wangu wa mwaka juzi aliingilia hapa."

Fundi alikaa kimya. Alikuwa na yadi nyingine mbili za kupitia kabla ya jioni. Mzee akamgusa begani, akamwambia aufute ule mstari, kisha akaenda nyuma ya rundo na kurudi na sahani ya bati iliyobonyea. Ilikuwa na miiba na vichwa viwili vilivyokauka. Kila usiku, baada ya kula, alikuwa anaiweka pale juu, kwa sababu tangu shume aanze kuja panya hawakuwahi tena kutoboa mifuko ya saruji. Fundi aliitazama sahani, akamtazama Mzee, akacheka mpaka akakaa chini kwenye bloku.

Usiku ule sahani iliwekwa chini, ardhini, nyuma ya kibanda cha getini, mahali ambapo Mzee anaiona bila kuinuka na ambapo Kobe hafiki. Saa 8 na dakika kadhaa shume alitokea akifuata ukuta. Hakupanda bloku. Alikula, akajilamba, akalala juu ya gunia karibu na miguu ya Mzee. Kobe alizunguka, akasimama, akatazama uwanja mtupu, akaendelea.

Mzee alivuta kitabu cha matukio, akawasha tochi ya simu, akaandika kwa herufi kubwa alizofundishwa shule ya msingi: *Saa 8:20. Paka amefika. Roboti hajaona. Vyura wanalia.*